Nani aliyeandika ripoti hii? Mwongozo kamili wa kumtambua mwandishi kwa maneno madogo, urefu wa sentensi na vituo

Mtu akiandika huchunga maneno makubwa. Atafikiria aseme "jahazi" au "chombo", "mashindano" au "kinyang'anyiro". Lakini hakuna anayekaa kuwaza kama sentensi hii iwe na "lakini" au "ila". Hilo hutoka lenyewe, na kwa sababu hutoka lenyewe, hurudi kwa kiwango kilekile ukurasa baada ya ukurasa. Stailometria, yaani upimaji wa mtindo wa mwandishi kwa hesabu, imesimama juu ya jambo hilo.

Kesi inayotajwa zaidi katika fani hii ni ya makala 85 za kisiasa zilizochapishwa Marekani mwaka 1787 na 1788 bila majina halisi ya waandishi. Kumi na mbili kati yake zilibishaniwa kwa miaka mingi: ni za Alexander Hamilton au za James Madison? Mwaka 1964 wanatakwimu wawili, Frederick Mosteller na David Wallace, walitoa kitabu kilichoonyesha kwamba zote 12 zinaelekea kwa Madison. Silaha yao kubwa haikuwa hoja za kisiasa. Walihesabu vihusishi na viunganishi. Kihusishi kimoja tu chenye maana ya "juu ya" Hamilton alikitumia kama mara 3 katika kila maneno 1,000, na Madison hata mara moja hakufika.

Mbinu hiyo haihamii kwenye Kiswahili hivihivi, kwa sababu lugha yetu hupachika mengi ndani ya neno moja. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuifanya kwa Kiswahili, kwa mfano niliouunda kwa makusudi ya kufundishia. Watu wake si halisi na tarakimu zake nimezipanga ili hesabu ifuatike kwa kalamu na karatasi.

Kesi yenyewe

Chukulia kikundi cha vijana wa Langoni, Lamu, kinachoandaa mashindano ya majahazi. Kila mwaka katibu huandika ripoti. Makatibu walikuwa wawili kwa zamu: mmoja mwalimu wa sekondari, mwingine nahodha mstaafu. Sasa kikundi kinataka kuchapa kijitabu cha ripoti zote, na ipo moja ndefu, ya maneno 2,000, haina sahihi. Zilizosainiwa ni 12, sita za kila mmoja, na kila moja ina maneno kama 1,000.

Sikiliza kwanza. Mwalimu anaandika hivi:

"Majahazi yalichelewa kuondoka kwa sababu ya uhaba wa upepo, lakini waamuzi walikubaliana kwamba mashindano yaendelee."

Nahodha naye:

"Upepo haukuwapo. Tukangoja. Waamuzi wakasema twende hivyo hivyo, ila kila chombo kipunguze watu, maana tanga lisipojaa uzito ni adui."

Habari ni moja. Mwalimu ana sentensi moja ya maneno 15 na mkato mmoja. Nahodha ana sentensi tatu, za maneno 2, 1 na 16, na mikato miwili. Mwalimu anasema "lakini", nahodha "ila". Mwalimu ana "kwa sababu ya", nahodha "maana". Tena tazama pale nahodha asipoweka kitu: "wakasema twende", bila "kwamba" yoyote. Nafasi iliyoachwa wazi nayo ni alama.

Sentensi nne hazithibitishi lolote. Zinakuonyesha tu mahali pa kuhesabu.

Kusafisha maandishi

Kazi hii inachosha na watu huiruka, halafu hesabu zote zinaharibika. Piga chapa kila ripoti katika faili lake la matini tupu. Ondoa vichwa, orodha za washindi, majina ya wafadhili na manukuu ya watu wengine. Hotuba ya mgeni rasmi iliyonukuliwa ndani ya ripoti ni mtindo wa mgeni rasmi, si wa katibu.

Kisha shughulikia nukta zisizomaliza sentensi. Kiswahili kinazo nyingi: "n.k.", "k.m.", "Bw.", "S.L.P.", na saa zilizoandikwa "2.30". Kompyuta ikikutana na "S.L.P." itadhani imeona sentensi tatu za neno mojamoja, na mwandishi wako ataonekana ana sentensi fupi kumbe ana anwani nyingi. Badilisha vifupisho hivyo viwe bila nukta. Pia fanya alama ya king'ong'o iwe ya aina moja kila mahali. Simu huandika "ng’ombe" kwa alama iliyopinda na kompyuta "ng'ombe" kwa iliyonyooka, na programu itayaona kama maneno mawili tofauti, au italikata neno katikati.

Weka nakala nyingine isiyoguswa kabisa. Utaihitaji kwenye vituo.

Kuchagua maneno ya kuhesabu

Hapa ndipo Kiswahili kinapodai akili yake, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukichukua maneno yanayojirudia zaidi katika maandishi yoyote ya Kiswahili utapata "ya", "na", "wa", "kwa", "za", "ni", "la", "cha". Anayefuata vitabu vya lugha nyingine atayahesabu moja moja, na atapotea. "Ya" na "za" havichaguliwi na mwandishi, huchaguliwa na ngeli ya nomino. Ripoti inayozungumzia majahazi na mashua itajaa "ya" na "za". Ile ya watu itajaa "wa". Utadhani umepima mwandishi kumbe umepima mada.

Dawa yake ni kujumlisha. Weka "wa, ya, la, cha, vya, za, pa, mwa" katika fungu moja uliite kiunganifu cha -a. Hapo unapima tabia halisi, yaani kama mwandishi hupenda kurundika nomino juu ya nomino ("uhaba wa upepo", "utaratibu wa uandaaji wa mashindano") au hutumia vitenzi. "Kwa" iache peke yake, ina kazi nyingi mno. Na tahadhari na "la" ya kukana, kama katika "la, hatukukubali". Hiyo itoe.

Baada ya hapo tafuta sehemu ambazo lugha inampa mwandishi njia zaidi ya moja ya kusema jambo lilelile. Hizi ndizo zenye thamani kubwa: lakini, ila au bali; kwamba, kuwa, ya kwamba, au kuacha bila neno lolote; kama, ikiwa, iwapo au endapo; kwa sababu, kwa kuwa, kwani au maana; pia, vilevile au tena; na "katika" dhidi ya kiambishi -ni ("katika bandari" au "bandarini"). Urejeshi nao: kuna anayeandika "jahazi lililoshinda" na kuna anayeandika "jahazi ambalo lilishinda", na mtu habadiliki ovyo kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine.

Mengine hayahesabiki bila jicho. "Kuwa" ni kitenzi hapa na kiunganishi pale, ni lazima usome kila moja. Ukitafuta amba- kwa kompyuta utaletewa na "ambatana". Ukitafuta -ka- ya masimulizi ("tukangoja", "wakasema"), ambayo ni alama nzuri sana ya nahodha wetu, utaletewa "wakati", "mkate" na "akaunti". Kwa hiyo programu ikusanye, wewe uchuje.

Neno juu ya lahaja. Mtu akiandika "nti" badala ya "nchi" au "mato" badala ya "macho", amekuambia anazungumza Kiamu. Kati ya mtu wa Lamu na mtu wa Nairobi hilo linafaa. Kati ya wawili waliokulia Langoni halikusaidii kitu, na linaweza kukudanganya, maana mwalimu huyohuyo ataandika Kiamu kwenye barua ya arusi na Kiswahili sanifu kwenye ripoti.

Programu fupi ya Python inatosha:

```python
import re
from collections import Counter
from statistics import median, pstdev

t = open("ripoti.txt", encoding="utf-8").read().replace("’", "'")
maneno = re.findall(r"[a-z']+", t.lower())
idadi = Counter(maneno)
for w in ["lakini", "ila", "kwamba", "katika"]:
    print(w, round(idadi[w] * 1000 / len(maneno), 1))

s = [len(x.split()) for x in re.split(r"[.!?]+", t) if x.strip()]
print(median(s), round(pstdev(s), 1), sorted(s))
```

Kila hesabu igeuzwe kuwa "kwa maneno 1,000", la sivyo ripoti ndefu itaonekana na kila kitu kingi.

Kumpima mtu kwa nafsi yake

Wengi hukimbilia kulinganisha ripoti isiyo na sahihi na waandishi wawili. Subiri. Kwanza tazama kila mwandishi anavyotofautiana na yeye mwenyewe. Ikiwa mwalimu ana "lakini" 2 mwaka huu na 8 mwaka ujao, basi neno hilo kwake halina msimamo na halifai. Neno zuri ni lile ambalo ripoti sita za mtu mmoja zinakaa karibu karibu, na sita za mwenzake zinakaa karibu karibu mahali pengine.

Katika mfano wetu, maneno manne yaliyopita mtihani huo yanatoa wastani huu kwa maneno 1,000:

| Neno | Mwalimu | Nahodha | Isiyo na sahihi | Mtawanyiko |
|---|---|---|---|---|
| lakini | 5.0 | 1.0 | 1.5 | 2.4 |
| ila | 0.8 | 4.0 | 3.0 | 2.0 |
| kwamba | 5.2 | 2.8 | 3.5 | 1.5 |
| katika | 9.5 | 6.5 | 8.5 | 2.5 |

Safu ya mwisho ni mkengeuko sanifu wa neno hilo katika ripoti zote 12 zilizosainiwa. Kwenye lahajedwali ni `STDEV.P`. Inaeleza neno hilo kwa kawaida linacheza kiasi gani.

Sasa fanya alivyopendekeza mtafiti wa fasihi John Burrows mwaka 2002 katika kipimo alichokiita Delta. Toa, puuza alama ya kutoa, gawanya kwa mtawanyiko, halafu tafuta wastani. Kati ya ripoti na mwalimu, "lakini" inatofautiana kwa 3.5. Ukigawanya kwa 2.4 unapata 1.5. "Ila" inatoa 1.1, "kwamba" 1.1, "katika" 0.4. Jumla 4.1, gawanya kwa maneno manne: kama 1.0. Kwa nahodha unapata 0.2, 0.5, 0.5 na 0.8. Jumla 2.0, wastani 0.5. Namba ndogo ndiyo iliyo karibu, kwa hiyo ripoti inaegemea kwa nahodha.

Kugawanya kuna sababu. Bila hivyo "katika", ambalo ni neno la mara kwa mara, lingeyameza yale adimu. Na tazama kwamba "katika" lenyewe linaelekea kwa mwalimu. Usilifiche. Fungua maandishi uangalie ni kwa nini. Huenda ripoti hii ina sehemu ya kanuni za mashindano, na lugha ya kanuni huvuta "katika" kwa mtu yeyote. Huenda pia mwalimu aliipitia.

Namba 0.5 peke yake haisemi kitu mpaka ujue nahodha yuko mbali kiasi gani na nafsi yake. Chukua ripoti yake moja yenye sahihi, itoe kwenye fungu, ijifanye haina jina, piga hesabu upya. Rudia kwa zote 12. Kama ripoti za nahodha zinaangukia kati ya 0.3 na 0.7 kwake mwenyewe, 0.5 iko nyumbani. Kama zinaangukia chini ya 0.2, basi 0.5 ni mgeni, ingawa ni jirani zaidi kuliko mwalimu. Na kama katika jaribio hilo mbinu inakosea ripoti nne au tano kati ya zile unazozijua, acha hapo. Haiwezi kukuambia lolote kuhusu usiyoijua.

Kumbuka pia uchache. "Lakini" 1.5 kwa elfu ndani ya maneno 2,000 ni lakini tatu tu. Kwa mwalimu ungetarajia kumi. Kupata tatu palipostahili kumi si rahisi kutokea kwa bahati, lakini kupata tatu palipostahili tano ni jambo la kila siku. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa dhati hutumia maneno mia au zaidi yanayojirudia, na hutaka matini ya maneno elfu kadhaa. Manne ni ya kujifunzia.

Urefu wa sentensi: usitazame wastani

Hamilton na Madison walishawahi kupimwa kwa urefu wa sentensi kabla ya kazi ile ya 1964. Mmoja alitoka na wastani wa maneno 34.55, mwingine 34.59. Kwa wastani ni mtu mmoja! Kilicho na habari ni namna sentensi zinavyotawanyika, na kwa wawili hao hata mtawanyiko ulikaribiana, ndipo kazi ikahamia kwenye maneno.

Makatibu wetu wamebahatika kutofautiana. Sentensi kumi za mwalimu: 11, 18, 14, 20, 13, 16, 9, 17, 15, 17. Kumi za nahodha: 4, 31, 6, 12, 28, 5, 9, 33, 7, 15. Zote zina jumla ya 150 na wastani wa 15. Lakini mkengeuko wa mwalimu ni 3.2 na wa nahodha ni 10.8. Nusu ya sentensi za nahodha hazifiki maneno kumi, na tatu zinapita 25. Mwalimu hana hata moja inayopita 20. Ndiyo sababu programu ile inachapa orodha nzima iliyopangwa: isome kwa macho, au chora nguzo kwa mafungu ya 1–5, 6–10, 11–15 na kuendelea. Nguzo za mwalimu zitarundikana katikati. Za nahodha zitasimama kwenye ncha mbili. Mpangilio nao una habari: nahodha hutanguliza fupi, moja au mbili, ndipo aachie ndefu.

Usilinganishe tarakimu za Kiswahili na za lugha nyingine. "Tusingeliwangojea" ni neno moja kwetu. Na kwa kazi hii sentensi kumi hazitoshi. Tafuta mia kwa kila upande ukiweza.

Vituo, na mkono wa nani

Rudi kwenye nakala isiyoguswa. Hesabu kwa maneno 1,000 mikato, nukta mkato, nukta pacha, mabano, deshi na alama za mshangao. Halafu angalia tabia ndogo ambazo hesabu ya jumla haizioni: huweka mkato kabla ya "na"? Kabla ya "ila"? Huacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza? Huweka nafasi mbili baada ya nukta, kama waliojifunza kwa taipureta? Huandika "Bw" na nukta au bila? Nukta mkato hasa ni ya thamani, kwa sababu watu wengi hawaitumii kabisa. Mwalimu akiwa na nane katika kila ripoti na isiyo na sahihi ikawa haina hata moja, hilo linaongea kuliko mikato mia.

Tatizo ni kwamba vituo ndivyo vinavyoguswa kwanza na watu wengine. Mpiga chapa wa ofisini hurekebisha mikato bila kuulizwa, na simu hubadili nukta tatu kuwa alama moja. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu uliza: zile ripoti 12 zilipigwa chapa na nani? Kama za nahodha ziliandikwa kwa mkono na karani akazichapa, vituo ni vya karani. Utajua kwa kulinganisha. Waandishi wawili wakitofautiana kwenye maneno na sentensi lakini vituo vyao vikafanana mno, kuna mkono wa tatu kati yao. Viondoe vituo kwenye hukumu.

Kwa miswada ya kale ya Lamu iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu jambo hili ni zito zaidi. Vituo unavyoviona kwenye chapa ya herufi za Kirumi ni vya mhariri. Na utenzi usiupime kwa kipimo cha nathari: mizani nane kwa kila kipande na vina vyake ndivyo vinavyoamua kama kutakuwa na "lakini" au "ila", si mazoea ya mtunzi. Utenzi ulinganishe na utenzi.

Kuandika matokeo

Mbinu hii huchagua aliye karibu zaidi kati ya wale uliowaweka mezani. Ikiwa ripoti iliandikwa na mweka hazina ambaye hukumfikiria, bado itakuletea jina, nahodha au mwalimu. Njia ya kujikinga ni kuongeza waandishi wengine wawili watatu wa rika na kazi zinazofanana na kuona kama nahodha anabaki mbele yao. Akipitwa na mtu ambaye hata hakuwahi kuwa katibu, kipimo chako hakina makali.

Katika kijitabu, basi, usiandike "imethibitika". Andika kitu kama hiki: "Ripoti hii haina sahihi. Kwa maneno madogo na mtawanyiko wa sentensi inakaribiana na ripoti za nahodha kuliko za mwalimu. Matumizi ya 'katika' ndiyo pekee yanayoelekea kwa mwalimu." Kisha muulize mzee aliyekuwepo mwaka ule, na tafuta kama mwandiko wa rasimu bado upo kwenye sanduku la mtu.

Na akija mtu na ujumbe wa matusi wa mistari sita kutoka kwenye kundi la simu, akitaka umtajie mwandishi, mwambie hapana. Maneno hamsini hayana "ila" za kutosha kuhesabu, na jina utakalolitoa litazunguka kutoka Langoni hadi Mkomani kabla ya adhuhuri.